Nilimlaumu mwenzangu wa maabara, kumbe kosa lilikuwa langu

Je, msomaji, umewahi kumlaumu mwenzako wa kazi mbele ya watu, kisha siku chache baadaye ukagundua kwamba hakuwa na kosa lolote? Mimi yamenipata. Na kwa kuwa kazi yangu ni udaktari, lawama niliyoitoa haikuishia kwenye hasira za siku moja. Ilimfikia mwajiri wake, na nusura imharibie kazi.

Nimeamua kuyaeleza hapa kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba kosa lenyewe hutokea mara nyingi pale mtu anapotolewa damu, na wewe msomaji ni vyema ulijue. Ya pili ni ujumbe niliomwandikia mwenzangu huyo kufuta maneno yangu. Ulikuwa na sentensi chache tu, lakini kuuandika kulinichukua asubuhi nzima.

Kliniki yangu iko ghorofani, katikati ya jiji la Nairobi. Wagonjwa wangu wengi ni watu wa maofisini na wafanyabiashara wadogo, na wengine hupanda matatu kutoka Kangemi, Kawangware na Uthiru. Sina maabara kubwa. Damu ninayotoa huchukuliwa na mpanda pikipiki katika sanduku lenye barafu, akaipeleka kwenye maabara iliyo upande wa magharibi wa jiji. Majibu hurudi jioni kwa simu.

Jumatatu moja alikuja mzee mmoja wa Kangemi anayetumia dawa za shinikizo la damu. Baadhi ya dawa hizo huweza kupandisha potasiamu, yaani madini ambayo moyo huyategemea ili upige kwa mpangilio. Kwa hivyo mara kwa mara mimi humpima damu. Siku hiyo muuguzi wangu alikuwa likizoni, nami nikaishika sindano mwenyewe.

Mishipa ya mzee huyu ni migumu kupatikana. Nilijaza kwanza kichupa chenye kifuniko cha zambarau, ambacho ni cha kuhesabu chembechembe za damu. Nilipoanza kujaza kile chenye kifuniko chekundu, ambacho ndicho cha kupima potasiamu, mshipa ukakauka. Ndani yake mlikuwa na damu kidogo tu, haifiki nusu. Sikutaka kumdunga mzee mara ya tatu, na nje kulikuwa na foleni. Nikafungua kichupa cha zambarau, nikamimina sehemu ya damu yake katika kile chekundu. Nilijiambia kwamba damu ni ile ile ya mtu yule yule.

Jioni, nikiwa njiani kurudi nyumbani, majibu yaliingia kwenye simu. Potasiamu ilikuwa milimoli 8.6 kwa lita. Kiwango cha kawaida ni kati ya 3.5 na 5.0 hivi. Mtu mwenye 8.6 ya kweli anaweza kusimama moyo wakati wowote. Nilimpigia mwanawe, nikamwambia amkimbize baba yake hospitalini bila kungoja asubuhi.

Daktari aliyekuwa zamu huko alifanya jambo la busara. Kabla ya kumpa dawa ya kushusha potasiamu, alimpima umeme wa moyo. Potasiamu inapopanda kiasi hicho, kwa kawaida mistari ya kipimo hicho hubadilika. Mawimbi fulani huchongoka kama vilele vya mahema. Kuna wachache ambao mistari yao haionyeshi chochote, na kwa hivyo kipimo hiki peke yake hakitoshi kumwondolea mtu hatari. Ya mzee ilikuwa sawa kabisa, naye mwenyewe alikuwa ameketi akiulizia chai. Daktari akachukua damu nyingine na kumweka chini ya uangalizi. Safari hii potasiamu ilikuwa 4.3. Kama angemtibu kwa kufuata karatasi yangu bila kutazama mgonjwa, angemshushia potasiamu mtu ambaye yake ilikuwa ya kawaida, na hilo nalo ni hatari kwa moyo.

Niliposikia hayo nilishusha pumzi, kisha hasira zikanipanda. Tuna kundi la ujumbe wa simu lenye madaktari, wauguzi na watu wa maabara wapatao thelathini. Nikaandika humo usiku ule kwamba maabara ilitaka kuniulia mgonjwa, na kwamba mtaalamu wa zamu ya jioni hajui kazi yake. Sikumtaja kwa jina, lakini zamu ya jioni ina mtu mmoja tu, na kila mmoja alimjua. Asubuhi yake nilimpigia meneja wa maabara nikayarudia maneno hayo hayo.

Mwenzangu huyo hakunijibu.

Ukurasa wa pili

Siku kumi zilipita. Mzee alirudi kwa miadi yake, nami nikachapisha majibu yale ili niyatie katika faili. Hapo ndipo nilipogundua kwamba yalikuwa na kurasa mbili. Jioni ile nilisoma wa kwanza tu kwenye simu.

Katika ukurasa wa pili kulikuwa na kalsiamu. Kiwango chake cha kawaida ni kama 2.1 hadi 2.6. Ya mzee iliandikwa 1.1. Chini yake mtaalamu alikuwa ameandika maneno machache: kwamba damu ya kichupa chekundu haikuganda vizuri, kwamba anashuku imechanganyika na dawa ya kichupa cha zambarau, na kwamba tafadhali sampuli irudiwe kabla ya mgonjwa kutibiwa. Aliongeza kuwa alipiga simu ya kliniki saa moja na robo jioni, haikupokewa. Ilikuwa kweli. Sisi hufunga saa kumi na mbili na nusu.

Hebu nikueleze, msomaji, kwa nini maneno yale yalinifanya niketi chini. Kichupa cha zambarau kina dawa ya kuzuia damu isigande, iitwayo EDTA. Damu huhitaji kalsiamu ili igande, na dawa hii huikamata kalsiamu yote ikaifunga. Aidha, katika vichupa hivi dawa hiyo imeundwa pamoja na potasiamu. Kwa hivyo damu ya kichupa cha zambarau ikiingia katika kichupa chekundu, mambo mawili hutokea kwa pamoja: potasiamu huonekana imepanda mno, na kalsiamu huonekana imeanguka mno. Mgonjwa mwenyewe hana tatizo lolote. Tatizo liko ndani ya kichupa.

Kuna makosa mengine yanayoweza kupandisha potasiamu kwa uongo. Damu ikicheleweshwa njiani, au ikitikiswa sana, chembe nyekundu huvujisha potasiamu iliyomo ndani yake au hupasuka na kuimwaga. Usiku ule mimi nilidhani ndivyo ilivyokuwa, kwamba maabara imeiacha damu mezani. Lakini chembe zikipasuka, maji ya damu huwa na rangi ya waridi au nyekundu, na kalsiamu haianguki hivyo. Kalsiamu ya 1.1 katika mtu anayeulizia chai haiwezi kuletwa na damu iliyokaa mezani. Inaletwa na mtu aliyefungua kichupa cha zambarau akamimina. Mtu huyo alikuwa mimi.

Mwenzangu aliliona kosa langu kwa kutazama tarakimu mbili na bonge la damu lisiloshikana. Akaliandika kwa adabu, bila kuuliza ni nani aliyefanya upuzi huo. Nami nikamwita asiyejua kazi.

Ujumbe

Asubuhi ile ile niliketi kuandika. Jaribio la kwanza lilianza hivi: "Samahani kama maneno yangu yalikuumiza." Nilipoisoma sentensi hiyo nikaona haisemi kwamba nilikosea. Inasema kwamba huenda yeye ni mwepesi wa kuumia. Neno "kama" lilikuwa limeniondoa mimi mashakani na kumtia yeye. Nikaifuta.

La pili lilikuwa refu. Nilieleza kwamba muuguzi wangu alikuwa likizoni, kwamba foleni ilifika kwenye ngazi, kwamba mishipa ya mzee ni shida, kwamba nilihofia maisha ya mgonjwa. Yote yalikuwa kweli. Lakini nilipoyasoma kama yeye atakavyoyasoma, nikaona kwamba anatakiwa apite katika aya tatu za shida zangu kabla ya kufika penye haki yake. Nikafuta tena.

Mwishoni nikamtumia huu, yeye peke yake:

"Dada, Jumatatu ya wiki iliyopita nilisema katika kundi na kwa meneja wako kwamba ulikosea kipimo cha potasiamu cha mgonjwa wangu. Si kweli. Mimi ndiye niliyemimina damu ya kichupa cha zambarau katika chekundu. Wewe uliligundua kosa na ukaandika tahadhari, nami sikuisoma. Naondoa maneno yangu yote na naomba radhi. Ukiridhia, leo nitayasema haya haya katika kundi na kwa meneja. Si lazima unijibu."

Yafaa nieleze kwa nini kila kipande kimo, kwa maana huenda nawe siku moja ukahitaji kuandika ujumbe wa namna hii.

Sentensi ya kwanza inataja shtaka lenyewe na mahali liliposemwa. Anayefuta maneno bila kuyataja huacha kila mtu akisie ni maneno gani. Kisha "Si kweli" imesimama peke yake, kwa kuwa hicho ndicho anachohitaji aliyelaumiwa ili aweze kumwonyesha mtu mwingine. Sentensi mbili zinazofuata zinaeleza ukweli ulivyo. Laiti ningesema tu kwamba hakukosea, wenzake wangebaki wakiuliza ni nani basi aliyekosea, na shaka ingemrudia. Kosa linahitaji mwenyewe, na mwenyewe nilikuwa nipo.

Sikuandika kwamba najisikia vibaya mno au kwamba sikulala. Maneno hayo humfanya aliyeonewa aanze kumbembeleza aliyemwonea. Kadhalika nilimwambia si lazima anijibu, maana ombi la radhi linalodai jibu ni deni jingine unalomtwika.

Mwisho ni ile sentensi ya ruhusa. Haki ni kwamba lawama iliyotolewa mbele ya watu thelathini ifutwe mbele ya watu hao hao. Hata hivyo, jina ni lake, na ni yeye anayejua kama anataka habari hizo zifufuliwe. Ndiyo maana nilianza naye kabla ya kwenda kundini.

Jibu lake

Alijibu baada ya saa mbili. Aliandika: "Nimepokea, daktari. Weka kwa kundi. Lakini zaidi naomba umwandikie meneja kwa barua. Nilipewa onyo na liko kwenye faili yangu."

Sikuwa na habari ya onyo hilo. Simu yangu moja ya asubuhi, iliyochukua dakika mbili, ilikuwa imegeuka karatasi yenye mhuri. Na kwa mtaalamu wa maabara karatasi ya namna hiyo si jambo dogo. Tangu 1999 fani yao ina sheria yake na bodi yake ya kuwasajili na kuwapa leseni ya kazi. Mtu mwenye onyo la uzembe hutembea nalo kila anapoomba kazi mpya.

Hapo nilijifunza kwamba ujumbe wa simu, hata ukiwa mzuri namna gani, haufuti kilichoandikwa kwenye karatasi. Lawama ikishaondoka kinywani huwa na safari zake. Lazima uulize ilifika wapi, kisha uifuate hadi huko. Nilimwandikia meneja barua yenye kichwa cha kliniki, nikambatanisha nakala ya ukurasa wa pili baada ya kufunika jina la mgonjwa, nikaomba onyo liondolewe na barua yangu iwekwe mahali pake. Katika kundi niliandika karibu maneno yale yale niliyomwandikia yeye, bila kumtaja mgonjwa kwa namna yoyote. Siri ya mgonjwa haigeuki mali ya daktari kwa sababu daktari anataka kutubu.

Onyo liliondolewa baada ya wiki mbili. Mara mbili nilimpigia meneja kukumbusha.

Alibaki mtu mmoja zaidi, naye ni mzee mwenyewe. Alikuwa amewaambia watu wa nyumbani kwake kwamba maabara ile ni ya kuogopwa. Nilimweleza kwamba kosa lilikuwa langu, na nikamrudishia pesa za kipimo cha pili na za teksi ya usiku ule. Baadhi ya madaktari wenzangu husema kwamba kumkiria mgonjwa kosa ni kujiitia kesi. Mzee alinitazama kwa muda, kisha akaniuliza kama sindano ya leo nitaidunga mimi au sista. Nikamwambia sista amerudi.

Mkono wa mwisho

Nimejiuliza sana kwa nini nilimrukia mtu wa maabara bila kusoma ukurasa wa pili. Nadhani ni kwa sababu jina lake ndilo lililokuwa chini ya tarakimu ile. Sisi hutupa lawama kwa mkono wa mwisho uliogusa kitu.

Wengi mtakumbuka kisa cha Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta mapema 2018, ambapo mgonjwa asiyehitaji upasuaji alifunguliwa fuvu badala ya yule aliyekuwa na damu iliyoganda ubongoni. Wafanyakazi kadhaa walisimamishwa kazi, akiwemo daktari aliyemfanyia upasuaji, ambaye alikuwa bado masomoni. Madaktari wenzake waliandamana wakitaka swali jingine liulizwe: mgonjwa alifikaje mezani akiwa na kitambulisho kisicho chake? Sisemi kwamba anayeshika kisu hana wajibu wa kuhakikisha. Nasema tu kwamba njia ya kutoka kitandani hadi mezani ni ndefu, kama ilivyo njia ya kutoka kwa mkono wa mzee wangu hadi mashine ya maabara. Anayetoa lawama kabla ya kuirudia njia hiyo hatua kwa hatua hujiwekea deni la ujumbe kama wangu.

Utakapotolewa damu

Wewe msomaji una lako la kutazama. Vichupa vyako viandikwe jina lako mbele ya macho yako. Kichupa chekundu au cha manjano hujazwa kabla ya kile cha zambarau, ili dawa ya zambarau isije ikafuata sindano. Ukiona mtu anafungua kimoja na kukimimina katika kingine, mwambie kwa upole kwamba uko tayari kudungwa tena. Ungekuwa mgonjwa wangu Jumatatu ile ukaniambia hivyo, ungetuokoa sote watatu.

Na ukipewa jibu la potasiamu iliyopanda sana, usilipuuze kwa kudhani ni kosa la kichupa. Nenda hospitalini siku hiyo hiyo, kwa maana huenda ni kweli, hasa ukiwa na ugonjwa wa figo au ukitumia dawa za shinikizo la damu. Huko uombe upimwe umeme wa moyo na damu irudiwe. Ukiwa na karatasi ya majibu, nenda nayo yote, pamoja na ukurasa wa pili.

Mwenzangu wa maabara bado yuko zamu ya jioni. Zamani aliandika tahadhari zake chini ya majibu. Siku hizi akiona jambo hunipigia simu yangu mwenyewe, nami huipokea hata nikiwa ndani ya matatu. Wiki iliyopita alinipigia kuniambia kwamba kichupa kimoja kilifika bila jina. Sikuuliza ni kosa la nani. Nilimuuliza kilikuwa na rangi gani, kisha nikaenda kutazama trei yangu mwenyewe.